Beni: Kuonyesha kazi uliyofanya bila kufungua siri za uliowafanyia

Tangu mwaka 2025 uanze, watu wengi waliokuwa wakifanya kazi na mashirika huko Goma wamejikuta bila kazi. Mji uliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, na mwezi uliofuata kambi za wahami zilizokuwa pembeni ya mji zilibaki tupu. Katika wiki hizo hizo serikali ya Marekani ilisimamisha pesa zilizokuwa zikilipa miradi mingi ya msaada. Walioweza kutoka walifika hadi Butembo na Beni, na huko wameanza upya kutafuta kazi kwa kuandika CV.

Mmoja wao ni mama wa watoto watatu, anayeishi Beni katika nyumba ya jamaa iliyompokea. Kwa miaka minne alikuwa msimamizi wa wachunguzi, wale wanaopita nyumba kwa nyumba au kibanda kwa kibanda cha shitingi, simu mkononi, wakiuliza jamaa maswali kuhusu chakula, maji, magonjwa na usalama. Jina lake halitajwi hapa, wala la ofisi iliyomlipa, wala la shirika lililoagiza kazi hiyo. Sababu ndiyo habari yenyewe: yote matatu ni siri aliyoiwekea sahihi.

Mpango wa kazi yake ulikuwa wa kawaida Goma. Shirika la kimataifa linataka kujua hali ya watu katika kambi fulani. Badala ya kutuma watu wake, linatafuta ofisi ya uchunguzi ya hapa nchini. Ofisi inatoa bei yake, inashinda, kisha inaajiri wachunguzi na wasimamizi kwa majuma machache. Katika mkataba mnakuwa na kipengele kinachosema kwamba mfanyakazi hatataja mteja, hatatoa matokeo, hatasema bei, na kwamba sharti hilo linaendelea hata baada ya mkataba kuisha. Hata bila kipengele hicho, sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamkataza mfanyakazi kutoboa siri za biashara za mwajiri wake, akiwa kazini na hata baada ya kuondoka.

Kazi yake bora ilikuwa hapo, ndani ya siri. Alipoona tangazo la shirika moja la Beni linalotafuta msimamizi wa ukusanyaji wa habari, alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuandika tu kwamba “alifanya uchunguzi mbalimbali”, maneno ambayo kila mwombaji anayaandika na hayamwonyeshi mtu yeyote chochote. Ya pili ilikuwa kusema yote. Kwa kuwa kodi ilikuwa inamsubiri na watoto wanahitaji kusoma, alisema yote. Mstari wake wa kwanza ulikuwa hivi, isipokuwa majina ambayo yameondolewa hapa na hesabu ambazo zimebadilishwa:

“Nilisimamia uchunguzi wa shirika (jina) katika kambi (jina), Novemba 2024, kwa bajeti ya dola 62,000. Jamaa 1,412 zilihojiwa. Wasichana 7 wa chini ya miaka 15 waligunduliwa kuwa walinajisiwa. Nilipunguza gharama kwa asilimia 15, yaani dola 9,300.”

Kabla ya kutuma, alimwonyesha jirani, mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kuajiri watu katika mashirika. Mzee alisoma mara mbili, akaweka miwani chini.

“Mama, katika mistari hii, wewe uko wapi?”

“Papa, niko pale mwanzoni. Niliposema nilisimamia.”

“Neno moja tu. Mengine yote ni mali ya watu. Jina ni la mteja. Bei ni ya ofisi. Wale wasichana ni wa mama zao. Mimi ninayeajiri nimejua mambo yao yote, na wewe bado sijakujua.”

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Mtu anapoandika juu ya kazi ya siri, hufikiri kwamba siri ndiyo inayobeba sifa yake, na kwamba akiitoa hatabaki na kitu. Lakini ukitenganisha kila neno na mwenye nalo, unaona kwamba lililo la mfanyakazi mwenyewe ni namna alivyofanya: alikuta tatizo gani, alichukua hatua gani, na kazi ilibadilika vipi baada ya hatua hizo. Hayo hayamo katika ripoti ya mteja. Ndiyo pia mwajiri mpya anayotaka kusikia, maana hamwajiri mteja wa zamani, anamwajiri yeye.

Walianza na jina. Mama alilifuta na kuandika “shirika la kimataifa linalotibu watoto wenye utapiamlo mkali katika kambi hiyo”. Mzee akacheka. Katika kambi ile shirika la namna hiyo lilikuwa moja tu, na kila mhami aliyepita pale alilijua. Maelezo ambayo yanaelekea kwa mmoja tu ni jina lililovaa nguo nyingine. Njia ya kupima ni rahisi: msomee mstari mtu aliyeishi mahali pale, umuulize ni nani. Akijibu bila kusita, panua. Panua ama aina ya shirika, ama mahali, ama wakati, mpaka aanze kutaja majina matatu au manne na asiwe na uhakika. Mama alifika kwenye “shirika la kimataifa la misaada, Kivu Kaskazini, mwaka 2024”. Kambi ilitoka. Mwezi nao ulitoka.

Kwa pesa, mama alikubali haraka kufuta dola 62,000. Lakini aliacha sehemu ya mwisho, asilimia 15 na dola 9,300, kwa sababu aliona kwamba hiyo ni sifa yake halisi. Alikuwa amepanga njia za magari upya ili timu mbili zitumie gari moja. Mzee alichukua simu yake, akafungua kikokotoo, akagawa 9,300 kwa 15, akazidisha kwa 100. Kioo kikaonyesha 62,000.

“Umeificha mlangoni, ukaiacha dirishani,” alisema.

Huo ndio mtego wa hesabu unaowanasa wengi. Asilimia peke yake haifungui kitu. Kiasi kilichookolewa, kikiwa peke yake, hakifungui kitu. Vikikaa pamoja vinatoa bei yote. Na bei hiyo si jambo dogo: ofisi ya uchunguzi inaishi kwa kushindana na nyingine, na mshindani akijua ilitoza kiasi gani mwaka jana, mwaka huu atateremka kidogo chini yake na kuchukua kazi. Watakaokosa mshahara ni wachunguzi waliokuwa wenzake. Kwa hiyo mama alibakiza asilimia na kufuta dola. Kanuni waliyoishika ni kwamba kila kazi itajwe kwa uwiano au kwa kiasi, kamwe si kwa vyote viwili.

Hesabu ya jamaa 1,412 nayo ilibadilishwa. Namba kamili namna hiyo ni kama alama ya kidole. Siku ripoti ya mteja ikitoka, yeyote anayeona 1,412 katika CV na 1,412 katika ripoti anaunganisha bila shida. Waliandika “zaidi ya jamaa 1,000”. Ukubwa wa kazi unaonekana, na alama ya kidole haipo.

Kisha walifika kwa wale wasichana saba, na hapo mzee hakutaka kurekebisha. Alitaka mstari uondoke wote.

Mama alibisha kwanza. Alisema hakutaja jina la msichana hata mmoja. Ni kweli. Lakini fikiria kambi moja, mwezi mmoja, umri wa chini ya miaka 15, jambo moja, watu saba. Aliyeishi kwenye mstari ule wa vibanda anakumbuka ni binti gani alipelekwa usiku kwenye kituo cha afya, na ni jamaa gani ilihama ghafla baada ya hapo. Kila kipande peke yake hakisemi mengi; vikikutana, vinamwonyesha mtu. Kadiri hesabu inavyokuwa ndogo ndivyo inavyomkaribia mtu mwenyewe. Ndiyo maana wanaoshughulikia habari za ukatili wa kijinsia hutumia namba za siri mahali pa majina, na hawatoi hesabu ndogo za mahali padogo. Na sasa kambi zimevunjika, jamaa nyingi zimerudi vijijini au zinaishi kwa wenyeji, ambako binti huyo anataka kusoma na siku moja kuolewa bila watu kunong’ona. Mama yake alijibu maswali kwa sababu aliambiwa kwamba majibu hayatatoka. Ahadi hiyo haikuwa ya shirika peke yake, ilikuwa pia ya yule aliyekaa mbele yake na simu.

Zaidi ya hayo, namba saba haikuwa kazi ya msimamizi. Kazi yake ilikuwa kitu kingine, na mzee alimsukuma mpaka akakisema. Kabla ya timu kuingia kambini, aliwafundisha wachunguzi wafanye nini mtu akiwaeleza kwamba amenajisiwa: waache maswali ya fomu, wasidadisi, wamweleze ni kituo gani cha afya kinapokea, na wamwambie kwamba dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafaa tu zikianzwa kabla ya saa 72, kadiri mapema zaidi ndivyo bora. Alitembelea kituo hicho mwenyewe kwanza, ahakikishe dawa zipo. Hilo linaweza kuandikwa wazi. Halimwonyeshi mtu yeyote, na linamwonyesha msimamizi anayejua kazi yake.

Ilibaki sifa ambayo mama hakuwa ameiandika kabisa, kwa sababu aliiona ni jambo la kila siku. Siku mbili za kwanza za uchunguzi ule, fomu 1 kati ya 6 ilikuwa na makosa na kurudishwa kwa mchunguzi. Majibu yalikuwa yanagongana: jamaa ya watu watano yenye watoto sita, mwanamume mwenye mimba. Kila jioni aliketi na wachunguzi wake, akafungua fomu zilizotumwa kwa KoboCollect, akaangalia muda kila fomu ilichukua. Mahojiano kamili yalihitaji kama dakika 35. Mchunguzi mmoja alikuwa akimaliza kwa dakika 9. Mama alirudi mwenyewe kwenye vibanda vilivyoandikwa, akakuta jamaa mbili ambazo hazijawahi kuulizwa lolote. Mchunguzi aliondolewa, na fomu zake zote zikarudiwa. Tangu hapo jamaa 1 kati ya 10 ilitembelewa mara ya pili na mtu mwingine, kwa maswali machache tu, ili kulinganisha majibu. Kufikia juma la mwisho, fomu yenye makosa ilikuwa 1 kati ya 30.

“Hilo uliliacha nje?” mzee aliuliza.

“Papa, hiyo si kazi tu?”

“Ndiyo hiyo wanayoitafuta.”

Hata hapa palikuwa na hatari moja. Hesabu ya 1 kati ya 6 ingeweza kuiaibisha ofisi ya zamani: mteja akiisoma angejiuliza kama habari alizonunua zilikuwa safi. Mama aliiandikia ofisi barua pepe fupi, akaweka ndani yake sentensi yenyewe aliyotaka kutumia, si ombi la jumla la kuruhusiwa “kuzungumzia mradi”. Ombi la jumla humwogopesha mkubwa, naye hukataa au hukaa kimya. Sentensi iliyo tayari anaweza kuisoma kwa dakika moja na kusema ndiyo au hapana. Jibu lilirudi baada ya siku tatu: wamekubali, ila mwanzo wa hesabu usitajwe. Basi ikawa kwamba makosa yalishuka mara tano. Uwiano ni ule ule, na aliyesoma hajui ulianzia wapi.

Mstari uliotumwa hatimaye ulikuwa huu:

“Niliongoza timu ya wachunguzi zaidi ya 20 katika uchunguzi wa kambini uliogusa zaidi ya jamaa 1,000, kwa shirika la kimataifa la misaada, Kivu Kaskazini, mwaka 2024. Kwa kukagua fomu kila jioni na kurudia mahojiano ya jamaa 1 kati ya 10, niligundua fomu za uongo na zikarudiwa, na makosa yalishuka mara tano. Niliwafundisha wachunguzi namna ya kumwelekeza mtu aliyenajisiwa kwenye matibabu kabla ya saa 72. Nilipunguza gharama kwa asilimia 15 kwa kupanga njia upya. Jina la mteja na matokeo ni siri kwa mkataba.”

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Bila hiyo, msomaji anaweza kudhani mwombaji anaficha kwa sababu hakuna cha kuficha. Ikisemwa mara moja, bila kuomba radhi, inaeleweka.

Tangazo liliomba pia mfano wa kazi. Mama alikuwa na faili ya Eksel ya uchunguzi ule kwenye kompyuta, na wazo lake la kwanza lilikuwa kufuta safu ya majina na kuituma. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote katika jambo hili, kwa kuwa halionekani. Faili inaweza kuwa na safu zilizofichwa ambazo mpokeaji anazifungua kwa kubonyeza mara moja. Inabeba jina la aliyeiandika. Na fomu zikichukuliwa kambini mara nyingi zinakuwa na namba za GPS za kila kibanda. Kufuta jina na kuacha GPS ni kumchorea mtu ramani. Alichofanya ni kufungua faili mpya tupu, akatengeneza mwenyewe jamaa 30 za kubuni katika kambi isiyokuwepo, akaonyesha namna anavyotafuta fomu za dakika 9 na majibu yanayogongana, na juu kabisa akaandika kwamba habari zote ni za kubuni. Ile ya zamani aliifuta, maana hata kuishika hakuwa na ruhusa tena.

Kwa muda aliofanya kazi, alikuwa na karatasi moja isiyo na shaka. Sheria ya kazi inamtaka mwajiri, mkataba unapoisha, ampe mfanyakazi hati inayotaja aina ya kazi na tarehe za kuanza na kumaliza. Hati hiyo haisemi mteja wala matokeo, kwa hiyo inaweza kuonyeshwa popote. Wahami wengi waliiacha nyumbani walipotoroka. Ofisi ikiwa bado ipo, hata kwa simu tu, inaweza kuombwa nakala, na picha yake ikahifadhiwa kwenye barua pepe badala ya simu.

Kuhusu simu kuna jambo lingine. Kwenye vizuizi vya barabarani, simu zinafunguliwa. CV inayosema kwamba mtu alikusanya ushuhuda juu ya mauaji, ikitaja kijiji na mwezi, inaweza kumletea hatari mwenye kuibeba na waliozungumza naye. Kuna kazi ambazo haziwezi kuandikwa kabisa, hata kwa uwiano, hata bila majina, maadamu waliohusika wangali hatarini. Kwa hizo hubaki tarehe na cheo tu, na mengine mtu anayaonyesha kwa kupewa jaribio la kazi mbele ya mwajiri. Mama ana kazi mbili za namna hiyo. Katika CV yake kila moja ina mstari mmoja.

Kwenye mahojiano, mmoja wa waliouliza alimbana: “Mama, tuko kati yetu. Lilikuwa shirika gani?” Alijibu kwamba hawezi kulitaja, kama ambavyo hatataja lao kesho kwa mwingine, na kwamba yuko tayari kueleza alivyogundua fomu za uongo. Akaeleza kwa dakika kumi: muda wa fomu, vibanda alivyorudi kuviona, jamaa mbili ambazo hazikuwa zimeulizwa.

Walimpa fomu 40 za mazoezi na saa moja. Ndani yake mlikuwa na tisa za kubuni. Alizipata nane, akaambiwa arudi Jumatatu na hati yake ya kazi kwa mkataba wa miezi mitatu.